Nilituma ujumbe wa kumkumbuka marehemu mke wangu Kampala, watu wakajibu "keki iko wapi?"

Wakuu, habari za kutwa.

Nimesoma nyuzi zenu humu kwa miaka bila kuchangia hata nukta. Leo zamu yangu. Sijapamba kitu, na mahali mtakapoona nimejifanya mjinga, jueni sijajifanya. Ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa maturubai ya malori. Nina miaka arobaini na sita, shule niliishia kidato cha nne, na tangu hapo sijakaa mji mmoja nikazeeka nao. Turubai likichanika Tunduma, nipo. Likichanika Kahama, nipo. Mji pekee nilioudumu ni Kampala, miaka kumi na tatu, kwa sababu ya mwanamke mmoja aitwaye Zaina.

Zaina alikuwa Mnubi, wale Waislamu ambao mababu zao walikuja Uganda kama askari kutoka Sudani. Alikuwa anasuka vifuniko vya chakula vya rangi kali. Ukivitazama sana macho yanauma. Tukapata binti mmoja, Salma.

Miaka mitatu iliyopita Zaina akafariki.

Sasa hapa ndipo mtanipiga mawe, na nawaachia mawe yapo. Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika nilichukua begi nikaondoka. Arobaini yake sikuisubiri. Nilijiambia nikiendelea kukaa kwenye ile nyumba nitapasuka. Salma alikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwacha kwa bibi yake.

Mwishoni mwa mwaka jana nikiwa Mpanda nikaamua kurudi. Nilitaka binti yangu aniite baba tena. Kwenye simu alikuwa ananijibu "ndiyo", "hapana", "jajja amelala". Jajja ndiyo bibi kwa watoto wa Kampala. Nilishaongea na karakana moja ya maturubai upande wa Port Bell, wakasema nikija kazi ipo. Nikapanga nifike kabla ya tarehe moja Januari, maana ndiyo siku ya kuzaliwa ya Zaina. Iko hivyo kwenye kitambulisho chake.

Wazo langu: niandike ujumbe wa kumbukumbu, mfupi, wa heshima, usomwe na familia tu. Salma ausome aone baba yake bado ni mtu.

Safari sasa. Treni kutoka Mpanda hadi Tabora, tukasimama porini saa sita kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua, hata dereva. Tabora hadi Mwanza treni nyingine. Mwanza basi kuzunguka ziwa hadi Bukoba. Bukoba hadi Mutukula mpakani, halafu Masaka, halafu Kampala.

Siku nne nzima nilikuwa naandika ule ujumbe kwenye simu.

Rasimu ya Tabora ilikuwa na maneno mia tatu. Ilitaja ugonjwa, wodi, na daktari aliyekuwa anapiga miayo. Nikasema hapana, huu ni ujumbe wa kumbukumbu, si malalamiko. Nikafuta.

Rasimu ya Mwanza ilikuwa inanizungumzia mimi zaidi kuliko marehemu. Nikafuta.

Bukoba nikaamua kutoa maneno yote mazito. Neno "marehemu" nikalitoa. "Kifo" nikalitoa. "Kaburi" ndiyo kabisa. Nikaona mama mkwe ni mzee, Salma ni mtoto, kwa nini niwachome? Nikabaki na hii, ambayo niliipenda sana, Mungu anisamehe:

"Zaina wetu. Leo ni siku yako. Tunakumbuka kicheko chako na mikono yako iliyojaa rangi. Popote ulipo, pumzika vizuri. Umefanya kazi kubwa. Tunakupenda. Baba Salma."

Tamu, au siyo? Shikeni hapo.

Nilifika Kampala tarehe thelathini na moja mchana. Nikashukia kwa shemeji yangu, kaka wa Zaina, Afande Musa. Polisi mstaafu, tumbo mbele, filimbi bado anayo mfukoni. Nyumba yake imepakana na ya mama yao.

Mama mkwe alinipokea kwa adabu. "Umefika? Karibu chai." Hakuniuliza nilikuwa wapi. Salma akaja, mrefu kanipita bega, akanipa mkono kama anavyompa mgeni yeyote wa bibi yake, akarudi ndani kusoma. Chai ile ilikuwa ya moto lakini mimi niliona baridi.

Familia ina grupu ya simu yenye watu tisa. Inaitwa Nyumbani Tu. Mimi nilitolewa siku ya kumi na tatu baada ya mazishi, yaani siku moja baada ya kuondoka. Kwa hiyo sikuwa na njia ila kumpa Musa ujumbe wangu, yeye ndiye admini.

Nikamwambia, "Afande, uweke kesho asubuhi, kwenye ile grupu ndogo tu. Kimya kimya."

Akasoma. Akavua miwani.

"Shemeji, hii maneno yako iko muzuri. Lakini iko kavu."

"Kavu vipi?"

"Mutu ya siku hizi anataka kuona picha. Wewe rara, umechoka na safari. Mimi nitapanga."

Wakuu, mtu wa Kampala akikwambia "nitapanga", usilale. Mimi nililala.

Asubuhi ya tarehe moja nikaamka Musa yuko barazani anatabasamu. Kanionyesha simu.

Alikuwa ametengeneza bango. Kwa mikono yake, kwa programu ya simu. Katikati picha ya Zaina anacheka, amevaa gauni la harusi ya mtu. Pembeni maputo. Maputo ya pinki, wakuu, na mengine ya dhahabu. Chini keki ya kuchora yenye mishumaa mitatu, moja kwa kila mwaka tangu afariki, ndivyo alivyonieleza kwa fahari. Juu maandishi yanang'aa: HAPPY BIRTHDAY ZAINA. Na katikati ya maputo, maneno yangu yote, hakupunguza hata moja.

"Umeweka Nyumbani Tu?" nikauliza.

"Nimeweka."

Nikapumua.

"Na kwa ile ya ukoo. Na ile ya polisi wastaafu. Na ya timu ya mupira. Na stetasi yangu. Shemeji, dada yangu hawezi kukumbukwa na watu tisa tu, kama kuku."

Nikamwuliza ile ya ukoo ina watu wangapi. Akasema hajui, ila imejaa, mtu akitaka kuingia mpaka mwingine atoke.

Na majibu yalishaanza. Tulikaa pale barazani tunayasoma wote wawili, yeye akiacha kutabasamu kidogo kidogo.

"Happy birthday dada! Uishi miaka mia!"

"Many more years, nyabo!"

"Keki iko wapi? Tunakuja saa ngapi?"

"Kweli apumzike, huyu dada anafanya kazi sana. Mume wake amusaidie."

"'Popote ulipo'? Kumbe alienda Dubai? Na hatukuambiwa, banange."

Chini yake mwingine akajibu, "Ndiyo, nilisikia yuko Dubai. Kwa Waarabu kuko na pesa." Huyu alisikia wapi? Kwa nani? Zaina hata Entebe alikwenda mara mbili tu.

Ndani ya nusu saa mke wangu alishapata kazi ya usimamizi kwenye hoteli ya Dubai, na kuna binamu alikuwa anamwomba amtafutie viza.

Nikamwambia Musa afute. Akafuta kwenye grupu zote nne na kwenye stetasi yake. Lakini wenyewe mnajua, kitu kikishapelekwa mbele hukifuti. Wengine walishakipakua wakakiweka kwenye stetasi zao. Bango lilikuwa linazunguka mjini lenyewe kama boda isiyo na breki.

Nataka muelewe kitu. Nilimkasirikia Musa kwa maputo, lakini maputo hayakumfufua Zaina peke yake. Ukisoma yale maneno yangu upya, hakuna mahali panaposema amefariki. Hakuna. Nilikuwa mpole mpaka nikasahau kusema habari yenyewe.

Saa tano asubuhi ndiyo kikaja kilichokuja.

Mimi, Musa, Salma na mama mkwe tulikuwa kwake tunakunywa chai. Mama hajui kusoma, na Salma alikuwa hajashika simu tangu alfajiri kwa sababu ya kufua. Kwa hiyo wao wawili hawakuwa na habari. Mimi na Musa tulikuwa tunatazamana kama wezi wa mbuzi, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kusema.

Hodi ikabishwa mlangoni. Salma akafungua.

Alikuwa mama mmoja Mkenya, Mama Brayo, anayeuza sare za shule kule Kyambogo. Yeye na Zaina walikuwa wakiuza kwenye meza moja zamani, mwingine sare, mwingine vifuniko. Alirudi kwao Nakuru akakaa miaka minne, Kampala alikuwa amerudi Desemba ile tu. Hakuwa anajua chochote. Namba ya Musa alikuwa nayo, kaona stetasi.

Mkononi ana boksi la keki.

"Waah! Salma, ni wewe umekuwa mkubwa hivi? Birthday girl ako wapi? Mwambie atoke, asijifiche, nimeona picha!"

Musa, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa anapiga filimbi watu wazima wakikimbia, alikuwa anatazama sukari. Mimi nilikuwa natazama Musa.

Salma ndiye aliyejibu.

"Mama alifariki, aunti. Miaka mitatu sasa."

Mama Brayo akacheka kidogo, akidhani ni utani wa watoto. Halafu akamwona mama mkwe. Boksi likaanza kuinama, Salma akalidaka kwa chini. Jina lilikuwa limeandikwa juu ya keki kwa krimu nyeupe, nililiona kwenye kile kidirisha cha plastiki.

Akalia yule mama, jamani. Akakaa kwenye kizingiti akalia, akawa anasema, "Nisamehe, mama, nisamehe, mimi nimekuletea nini hapa." Na mama mkwe, ambaye ndiye mwenye msiba, akainuka akamshika, akamwingiza ndani, akammiminia chai. Mfiwa anambembeleza mgeni. Tulifanikisha hilo, mimi na polisi mstaafu.

Alipotulia na kuondoka, mama akageuka.

"Hiyo picha, nisomeeni."

Salma akasoma. Yote. Alipofika "Baba Salma" sauti haikubadilika hata kidogo, na hiyo iliniuma kuliko kama angepiga kelele.

Mama akamtazama mwanawe kwanza. "Musa. Dada yako umemwekea baluni?"

"Mama, mimi nilitaka tu watu wa..."

"Nyamaza."

Halafu zamu yangu.

"Na wewe. Nani alikwambia Zaina amezaliwa leo?"

Nikasema kitambulisho. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Zaina nimemzaa mimi. Ishirini ya Rajab. Wiki moja kabla ya Miraji. Siku ile ya kuandikisha, yule karani aliniuliza tarehe, nikamwambia ishirini Rajab. Akasema mashine yake haina Rajab. Akaandika moja Januari. Nusu ya mutaa wetu walizaliwa moja Januari. Wewe hukuona ajabu?"

Wakuu, sikuona ajabu.

Miaka kumi na tatu, kila Mwaka Mpya, nilikuwa namnunulia Zaina kuku na soda, namwimbia na sauti yangu hii ya chura. Na yeye anapiga makofi, anasema asante Baba Salma.

"Yeye alijua?" nikauliza.

"Alijua. Nilimwambia, mwambie mume wako. Akasema, mama, mwache, anafurahi."

Na ndipo nikakumbuka. Kila mwaka kulikuwa na siku moja Zaina anaamkia kwa mama yake, anapika chungu kikubwa, wanagawa chakula kwa majirani, anarudi jioni ananukia iliki. Kwa tarehe zetu siku hiyo ilikuwa inahama, mwaka huu hapa, mwaka unaofuata siku kama kumi na moja nyuma, kwa hiyo sikuwahi kuishika. Nilidhani ni mambo ya wanawake. Sikuwahi hata kuuliza.

Mama akasema Rajab imeshafika siku ya kumi na moja. Bado siku tisa. "Kama umekuja kumkumbuka, kaa ungoje siku yake."

Nikakaa.

Siku ya ishirini Rajab, baada ya sala ya alasiri, mama alimwita Salma na simu, akaanza kumwandikisha. Mimi na Musa tulikuwa tumekaa pembeni. Musa alikuwa ameamriwa afunge grupu ya Nyumbani Tu, wasiandike wengine ila admini, na admini akafanywa Salma. Kamanda kavuliwa cheo.

Mama alikuwa anasema, Salma anaandika, kisha anamsomea. Neno la kwanza baada ya salamu, alilolitaka bila mjadala, ni "marehemu". "Aanze kujua kwanza huyu mtu hayupo," alisema, "ndipo umwambie mengine." Picha akakataa. Jina alitaka liwe na jina la baba yake, maana ukoo una Zaina watatu na wawili wako hai. Ugonjwa hakuutaja. Salma akataka kuweka mstari kuhusu mikono ya mama yake na rangi, bibi akamruhusu jambo moja tu, achague.

Salma akachagua lake.

Ujumbe ukawa hivi:

"Assalaam alaikum. Leo ishirini Rajab ni siku aliyozaliwa marehemu Zaina binti Abdalla, mama yake Salma. Mungu amrehemu na aweke nuru katika kaburi lake. Alikuwa akikosea kusuka hafumui, anasema rangi imejichagulia. Kila mmoja amsomee Fatiha, na ampe jirani sahani moja ya chakula kwa nia yake. Ujumbe huu ni wa nyumba yetu, usitoke. Leo msimpigie mama simu. Njooni kesho."

Ule mstari wa mwisho sikuuelewa mpaka kesho yake, walipokuja kweli, na nikaona mama alikuwa amepata usiku mzima wa kulia peke yake bila kushikana na simu.

Ukatumwa kwa watu tisa. Hakuna aliyejibu "amina" na emoji za rangi, grupu ilikuwa imefungwa. Kimya. Nikajua sasa ndiyo kimya kimya yenyewe.

Nikamwomba Salma anitumie na mimi.

Akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama tangu nifike.

"Hii ni ya waliokaa mpaka arobaini. Wewe nimekusomea, umesikia."

"Salma, mimi ni..."

"Najua. Siku ya kumi na mbili ulichukua begi la bluu. Nilikuwa dirishani."



Jioni ile mama mkwe aliniita. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto ana mitihani, nyumba imetulia, na kama nitakaa Kampala halafu nikaondoka tena siku nyingine na begi, bora niondoke sasa hivi mlango ukiwa wazi na kila mtu akiniona. Akaniuliza, "Unaweza kukaa? Sema kweli."

Wakuu, nilitaka kusema naweza. Nikafikiria ile karakana ya Port Bell, nikajiona miezi minane mbele nasikia turubai limechanika mahali. Nikasema sijui.

"Basi umejibu," akasema.

Kwa hiyo somo ni hili, na silirembi. Ukitaka kumkumbuka mtu wako siku yake, kwanza hakikisha ni siku yake, waulize waliomzaa. Sema wazi kwamba amefariki. Muulize mwenye uchungu kuliko wote kabla hujatuma, si baada. Na ujumbe wako usimpe shemeji mwenye programu ya maputo.

Niliondoka Kampala siku mbili baadaye, na sirudi kuishi tena. Safari hii niliaga. Musa alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi, akanipigia filimbi basi lilipotoka, watu wakadhani kuna mwizi. Salma alibaki nyumbani, lakini alikaa nje barazani, si dirishani.

Tulikuwa tumepita Masaka simu ikaita mlio wa meseji. Namba yake.

"Kwa hesabu ya jajja, Rajab itarudi mwaka huu huu, ishirini yake itaangukia Desemba kabla ya Mwaka Mpya. Jajja atahakikisha mwezi ukionekana. Usiandike kitu. Toa sahani ya chakula huko uliko, halafu unipigie uniambie umempa nani. Usiweke baluni, baba."

Nimeisoma mpaka Mutukula, na mkaguzi wa pasipoti akaniuliza kama ninaumwa.

Nyie huko kwenu mnawakumbukaje watu wenu siku zao? Andikeni hapa chini. Na wenye matusi ya ile siku ya kumi na mbili, foleni inaanzia kulia.